Talaka ya Tatu na Kitabu cha Pili

Kwa wiki tatu nililala na swali moja na kuamka nalo. Watu wawili niliowatunga mwenyewe, nikawaachanisha mwenyewe, nina haki ya kuwarudisha pamoja? Ukilisikia hivyo utasema ni swali la mtu asiye na kazi, nami kweli sikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu katika miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu vituo, na digrii yangu ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya godoro, Tandika. Lakini swali lile halikuwa la mchezo. Nilikuwa nimeshalijibu kwa kitendo, kitendo chenyewe kilikuwa kwa mchapaji kikisubiri kuingia mashineni, na mtu pekee aliyenionya nilikuwa nimemtukana mbele ya watu.

Mtu huyo alikuwa mpiga taipu. Wengine walimwita kwa jina la mwanawe, wengine kwa jina la mtaa aliotoka, lakini mimi nilimwita mama, na nikimtaja kwa watu nilisema mpiga taipu, nami hapa nitamwita hivyohivyo. Nilimfahamu kwa miaka minne. Sijui alizaliwa lini wala taipu alijifunzia wapi. Nilipomuuliza aliniambia, "Kwani unaniandikia barua ya kuomba kazi?"

Kibanda chake kilikuwa Temeke, nyuma ya soko, kati ya fundi saa na mama mmoja auzaye mitumba ya watoto. Bati juu, mbao pande tatu, benchi moja la wateja mbele. Mashine yake ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na herufi "a" ilikaa juu kidogo ya wenzake, kiasi kwamba ofisi nyingi za wilaya zilijua barua imetoka kwake kabla ya kuisoma. Alipiga bila kutazama vidole. Alitazama uso wa mteja, na ukiwa unasema uongo katika barua yako aliacha kupiga, akasubiri.

Kazi aliyoipenda ni kukata stensili. Kwa asiyejua, stensili ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye mashine ili herufi zenyewe zitoboe nta, kisha mchapaji anaifunga stensili kwenye mashine yake, wino unapenya kwenye matundu, na ukurasa mmoja unazaa mia. Ukikosea, unapaka dawa, unapuliza ikauke, unapiga juu yake. Ukikosea mara nyingi mahali pamoja karatasi inachanika. Yeye hakupenda dawa. Alisema mtu akipaka dawa kila mstari ujue hakujua anakokwenda.

Alikuwa na miiko yake. Barua ya kuomba kazi aliipiga, malalamiko kwa katibu kata aliyapiga tena kwa furaha, ila talaka hakupiga. Nilikuwepo siku mwanamume mmoja aliyevaa suti ya kijani alipomjia na karatasi.

"Andika mwenyewe, baba," alimwambia.

"Mwandiko wangu mbaya."

"Ukiuona ulivyo mbaya labda utaghairi."

Yule bwana alikwenda zake. Wanawake waliokaa benchini walicheka, yeye hakucheka. Lakini mpiga taipu huyohuyo alizipiga talaka tatu za kitabu changu cha kwanza bila kusita. Nilipomuuliza tofauti alisema, "Zile zinamwacha mtu. Hizi zinamfundisha."

Kitabu hicho cha kwanza kilikuwa kijitabu tu, kurasa sitini na nne zilizobanwa pini. Mwajuma ameolewa na Shomari, kuli wa bandarini, wanaishi Mtoni katika miaka ya foleni za sukari. Shomari anampa talaka ya kwanza kwa sababu ya kilo ya unga, anamrejea. Anampa ya pili kwa sababu ya maneno ya mtu, anamrejea. Ya tatu anaitoa mbele ya mashahidi wawili, tena kwa upole, na hapo ndipo inapouma. Mwajuma anakaa eda, eda inaisha, anafunga kanga yake kiunoni na kuondoka na mtoto wao, Zena. Mwisho.

Lazima niseme ukweli wa aibu hapa. Mimi ni mtoto wa mwinjilisti kutoka Njombe. Mpango ule wa talaka tatu niliusikia kwa mama mwenye nyumba wangu akimsimulia jirani, nikaupenda kwa sababu ulikuwa na sehemu tatu na kila sehemu ilikuwa na mwisho wake. Niliipenda hesabu. Maana ya hesabu sikuiuliza. Nilidhani ya tatu ni kama ya kwanza, ila kubwa zaidi.

Mpiga taipu ndiye aliyekifanya kitabu kisomwe. Aliweka nakala moja kibandani, imefungwa uzi kwenye mguu wa meza isiibwe, na wanawake waliosubiri barua zao walikisoma kwa zamu. Wasiojua kusoma aliwasomea, tena vibaya, kwa sauti moja kama anayesoma orodha ya vitu. Hata hivyo walilia. Akina mama wa Kiswahili wa mtaa ule hawakuwa wakiruhusu mabinti zao kusoma vijitabu vya mapenzi, kwa sababu vingi vilikuwa vya aibu. Yeye aliwaambia kila mmoja, akiweka jina lake mwenyewe kuwa dhamana, "Hiki kisomwe, sina wasiwasi nacho." Basi kikaingia majumbani.

Alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mbishi, aliwasema vibaya watu wa bara mbele yangu kisha akanikumbuka na kusema, "Wewe si wa bara, wewe ni wa maktaba." Aliswali swala tano, lakini Jumamosi mchana alifunga kibanda akaenda kwenye ukumbi wa video kutazama picha za Kihindi, akakaa mbele kabisa na watoto, akizungumza na skrini. Picha za sehemu ya pili alizichukia.

"Mtu amekufa sehemu ya kwanza," alinieleza, "tumemlilia mpaka mafua. Sehemu ya pili wananiletea pacha wake. Mie nasimama natoka. Machozi yangu nani atanirudishia?"

Nilicheka. Sikujua ananifundisha kazi.

Alikuwa pia na daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, alimoandika maswali ya watu waliosoma kitabu changu. Hakunionyesha. Alisema tu kwamba maswali ni ya aina mbili. Kuna anayeuliza kwa nini ikawa hivi, na kuna anayeuliza ikawaje baadaye. "Wa kwanza anataka ukifute kitabu," alisema. "Wa pili anataka kingine. Usiwachanganye."

Niliwachanganya. Mchapaji wa Keko, mtu mchangamfu aliyekuwa na mashine mbili na simu isiyofanya kazi, aliniambia watu wanataka sehemu ya pili. "Na wanataka warudiane, braza. Nani anapenda watu wakae wameachana?" Nilipokea pia barua tatu za wasomaji, zote zikimlilia Shomari. Nilifikiri siku nyingi. Mimi ni mtu ambaye hawezi kununua sabuni bila kujiuliza kama amechagua vizuri. Nilichora mishale kwenye karatasi, nikaandika faida na hasara, nikasoma barua zile tena na tena. Katika fikra zote hizo sikumuuliza hata mtu mmoja aliyeishi ndani ya mambo niliyoyaandika. Niliona msamaha ni jambo jema. Kwetu mke akirudi, mchungaji anaomba, watu wanaimba.

Nikaandika. Shomari amejuta. Zena nilimpeleka shule ya bweni ili asinisumbue njiani. Sheikh mmoja niliyemtunga anawapatanisha, anasoma dua, wanashikana mikono, wanarudi nyumbani Mtoni. Nilipoandika sentensi ya mwisho nililengwa na machozi.

Nilimpelekea mpiga taipu akate stensili. Siku aliyofika ukurasa wa thelathini na moja, walikuwepo wanawake wawili benchini, mmoja akiwa yule muuza mitumba jirani. Mpiga taipu alisimamisha vidole.

"Msomi. Hawa wamerudianaje?"

"Wamesameheana, mama."

"Kusameheana nimekusoma. Nakuuliza wamerudianaje. Hapo katikati ameolewa na nani?"

"Hajaolewa na mtu," nilisema, tena kwa fahari. "Alikuwa anamngoja."

Muuza mitumba aliangua kicheko. "Basi umewazinisha, baba. Tena na sheikh kasimamia."

Yule mwingine alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Ya tatu ndiyo ya mwisho," mpiga taipu alisema taratibu, kama anayemwambia mtoto asiguse moto. "Hamrejei tena. Mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli si ya kuigiza, na huyo naye afe au amwache kwa mapenzi yake, akae eda. Ndiyo maana watu walilia, mwanangu. Na ndiyo maana walipumua. Mara mbili yule mwanamke aliteseka kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ya tatu ikamfungia. Hakuwa na la kuamua tena. Sasa wewe umekuja na nyundo."

Ningeweza kusema sikujua. Neno lilikuwa moja tu. Lakini masikio yangu yalikuwa na moto, na kicheko kilikuwa bado kinaendelea nyuma yangu, na nilikuwa na digrii.

"Mama, kazi yako ni kupiga taipu," nilisema. "Hadithi ni yangu."

Fundi saa aliinua kichwa. Yeye aliichomoa stensili polepole asiichane, akailaza juu ya nyingine, akazipangusa vumbi, akanipa zote na karatasi zangu.

"Kweli," alisema. "Ni yako. Na kile cha kwanza kilikuwa chako vilevile. Ila majumbani kiliingia kwa jina langu."

Nilichukua nikaondoka. Kurasa zilizobaki nilimpelekea kijana mmoja Kariakoo mwenye mashine ya umeme, akazikata kwa siku moja bila kuuliza kitu, nikazikabidhi Keko. Ndipo zikaanza zile wiki tatu. Nilipita njia ya nyuma nisipite sokoni. Nilijiambia hadithi ni hadithi. Nilijiambia wasomaji wengine ni Wakristo. Kila hoja niliyoitoa ilikuwa nzuri, na kila moja iliishia kwenye uso wake akizipangusa vumbi karatasi za mtu aliyemtukana.

Nilikwenda kwake Ijumaa moja alasiri. Kibanda kilikuwa kimefunguliwa lakini mashine ilikuwa imefunikwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakusema nikae. Nilikaa.

"Huna kazi leo?"

"Macho. Barua naona. Stensili sioni tena, naona weupe tu. Mwanangu ananiita Boko nikakae kwake, nikalee wajukuu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye utangulizi. Badala yake nikasema, "Wanachapa Jumatatu."

"Hongera."

"Mama, ningeandika nini?"

Sidhani kama alinionea huruma. Nadhani alichoka kuniona nimekaa hivyo. Akainama, akatoa daftari chini ya meza, akafungua ukurasa wenye alama ya mafuta.

"Soma hilo la tatu. La mama mmoja wa Mtoni kwa Azizi Ali."

Mwandiko wake ulikuwa mdogo na wa kulala. *Yule mtoto wao Zena akikua nani atamwozesha?*

Nilisoma mara mbili. Sikuelewa, na safari hii nikasema sielewi.

"Binti wa Kiislamu anaozeshwa na walii," alisema. "Walii wa kwanza ni baba. Babu yake ulishamuua ukurasa wa kumi. Baba yu hai. Basi?"

"Basi Mwajuma lazima aende kwa Shomari."

"Kumwambia nini?"

"Kumwomba amwozeshe binti."

"Na Shomari umjuavyo."

Nilimjua. Nilimjua kuliko nilivyodhani. Shomari angetabasamu, angesema kwa upole kwamba atakuja, lakini mama mtu aje mwenyewe amwombe, nyumbani kwake, mbele ya mke mpya. Nilianza kusema haraka, nikisimama na kukaa. Mpiga taipu alinizuia kwa mkono.

"Kwani hakuna sheikh wa kumwendea, baba akikataa bila sababu?"

"Yupo?"

"Yupo. Ndiyo maana lazima ujibu kwa nini hawaendi kwake, la sivyo mtaa mzima utakuuliza. Anayekwenda kwa sheikh ni kama anamshitaki baba yake mbele ya watu. Zena anataka?"

"Hataki," nilisema. Nilikuwa nimemtupa mtoto yule bwenini, na sasa alikuwa na miaka kumi na minane na ana lake moyoni. "Anampenda baba yake. Hakumbuki ugomvi. Anadhani mama yake ndiye mkaidi."

"Haya. Sasa wanagombana nani na nani?"

"Mama na binti."

Aliitikia kwa kichwa. Kitabu cha kwanza kilikuwa mume na mke. Hiki kilikuwa kimepata wapiganaji wengine bila kumfufua mtu wala kufuta ukurasa. Hakuna ambaye angeuliza kama Mwajuma atarudi, hilo lilikuwa limekwisha. Wangeuliza kama anaweza kumwomba kitu mtu yule na bado atoke akiwa mzima. Na swali hilo lisingewezekana kuulizwa kama talaka ya tatu isingekuwa ya kweli.

"Na asiyesoma cha kwanza?" niliuliza. "Nimsimulie mwanzoni?"

"Utamchosha aliyesoma. Waposaji waje, waulize baba wa binti yuko wapi, na mama anyamaze. Aliyesoma atajua kanyamazia nini. Asiyesoma atataka kujua. Na usiwagombanishe tena kwa unga. Unga siku hizi umejaa madukani, tafuta kingine. Halafu yule Shomari kidole cha shahada cha kulia kilikatwa na winchi, ukurasa wa ishirini na mbili. Kwenye hicho chako cha pili umemfanya anamnyooshea mtu kidole hichohicho."

Nilicheka, kisha nikaona hakucheka.

"Mama, nilikukosea."

"Ulinikosea mbele ya watu," alisema. Akafunga daftari. Nilielewa kwamba hakuwa ananikatalia. Alikuwa ananielekeza mahali.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Keko kabla ya mchapaji. Alipofungua niliona hakuwa amesubiri Jumatatu, kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshapita mashineni, zimerundikwa zikinuka wino. Nilimwambia nataka stensili zangu zote.

"Acha masihara. Nimeshamwambia kila mwenye meza ya vitabu kuwa kinakuja."

"Kina kosa."

"Kosa gani? Tupake dawa."

"Halipakiki dawa."

Alijaribu kucheka, alijaribu kukasirika. Mwisho akasema kama ni hivyo nisirudi kwake tena, na kwamba waandishi ni wengi, atampa mwingine awarudishe watu hao kwa majina mengine. Nilimwambia ni haki yake. Nilizikusanya stensili, hata iliyokuwa imefungwa kwenye mashine, mbichi, na mikono yangu ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nilizikunja nikazitia kwenye pipa la taka nje, nikasimama kuhakikisha sitazirudia, kwa sababu najijua.

Sura ya kwanza mpya niliiandika kwa mkono kwa siku nne. Siku ya tano nilikwenda sokoni kwa njia ya mbele. Nilichagua saa ambayo benchi hujaa. Walikuwepo watano, muuza mitumba na yule mwanamke wa mtandio wakiwa miongoni mwao, na fundi saa upande wa pili. Mpiga taipu alikuwa amekaa nyuma ya mashine iliyofunikwa, vitu vyake vikiwa tayari vimefungwa kwa safari ya Boko.

Niliwaamkia. Nilisema, kwa sauti iliyotoka juu kuliko nilivyotaka, kwamba wiki zilizopita nilimvunjia mama huyu heshima mahali hapa, kwamba yeye alikuwa anajua na mimi nilikuwa sijui, na kwamba kitabu kile nimekitupa. Nilimwomba radhi. Sikuweka utangulizi.

"Mie nimeshasamehe," alisema. "Hawa sijui."

"Sie tunataka kusikia kilichoandikwa," muuza mitumba alisema. "Maneno matupu hata mume wangu anayo."

Nilimnyooshea mpiga taipu karatasi. Hakuzipokea. "Macho yangu umeambiwa. Soma mwenyewe."

Sikuwahi kusoma kazi yangu mbele ya mtu. Siku zote nilikuwa najificha nyuma ya mashine yake na sauti yake ile moja. Nilifikiria kusema koo linaniuma. Nilifikiria kumwomba fundi saa. Kisha nikavuta ndoo iliyokuwa kando, nikaigeuza, nikakaa mbele ya wanawake wale, nikaanza.

Nilisoma mpaka pale waposaji wanapouliza baba wa binti yuko wapi, na Mwajuma anainuka kwenda kutazama chai ambayo haijabandikwa. Nilisoma Zena anavyomfuata jikoni na kumwambia, "Mama, mwendee tu, ni neno moja." Hapo yule mwanamke wa mtandio alipiga goti lake.

"Mshenzi huyo hatakuja mpaka amdhalilishe," alisema.

"Mtoto naye hajui," mwingine alijibu. "Angejua asingesema."

"Ajue vipi, mama mwenyewe kamficha."

Wakaanza kubishana kama mama alikosea kumficha binti, wawili upande huu na watatu upande ule, wakimtaja Mwajuma kama mtu anayeishi nyumba ya tatu. Nilisubiri na karatasi mkononi. Nilisikiliza kwa makini sana, kila sauti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama watarudiana.

"Endelea," mpiga taipu aliniambia.

Nikaendelea.